Gunia kumi na mbili, ndoo kumi na nane, kilo 148: namna ya kupata jumla moja ya mavuno ya kikundi

Daftari la kikundi chetu cha mahindi, huku nyuma ya Malindi upande wa Jilore, lilikuwa na ukurasa ulioandikwa hivi chini kabisa: gunia 12, ndoo 18, kilo 148. Mwandishi wa daftari ni mimi. Mnunuzi alipopiga simu kuuliza tuna kilo ngapi, nikafanya hesabu ya haraka pale pale. Gunia ni kilo 90, ndoo ni ya lita 20 kwa hiyo ni kilo 20, na kilo ni kilo. Nikamwambia 1,588. Lori lilipofika na mizani yake, zaidi ya magunia mawili hayakuonekana. Wenzangu wakanitazama kama mtu aliyeuza mahindi usiku.

Hakuna aliyeiba. Nilikuwa nimejumlisha vitu visivyojumlishika. Tangu msimu ule tunafuata utaratibu ninaoueleza hapa, na nitatumia mahindi yale yale kama mfano, kwa sababu makosa yangu yanafundisha kuliko ufundi wangu.

Pishi na frasila si ndugu

Wazee wa pwani walikuwa na aina mbili za vipimo, wala hawakuzichanganya. Kibaba na pishi vilikuwa vyombo: unajaza, unafuta juu, na vibaba vinne vinafanya pishi moja. Ratili na frasila zilikuwa za mizani. Mtu akikwambia pishi ya mchele, amekwambia nafasi ambayo mchele umejaza. Akikwambia frasila ya karafuu, amekwambia uzito.

Ndoo, debe, kopo na gunia ni watoto wa pishi. Zinapima ujazo. Kilo ni mtoto wa frasila. Ili uhame kutoka upande mmoja kwenda mwingine unahitaji namba ya kuzidishia, na namba hiyo haimo ndani ya ndoo peke yake. Inategemea kilichotiwa ndani. Ndoo yetu ya kijani, ikijazwa na kufutwa, ina mahindi makavu ya kilo 15.0. Nilipoijaza pojo ikatoka 16.6, na simsim ikatoka 12.3. Ndoo ni ile ile na mkono ni ule ule. Yule anayezidisha kila ndoo kwa 20 anapima maji, maana ni maji tu ambayo lita moja ni kilo moja.

Kwa hiyo usitafute kwenye mtandao "ndoo ni kilo ngapi". Tafuta kwenye mizani yako ndoo *yako* ya mahindi *yako* ni kilo ngapi. Ni kazi ya asubuhi moja kwa msimu.

Kwanza, amini mizani yenyewe

Sisi tunatumia mizani ya kuning'iniza ya kidijitali, tunaifunga kwenye mti wa mwembe. Mizani ya kuuzia yapaswa kuwa na muhuri wa ukaguzi chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, lakini hata yenye muhuri huanguka, hupata kutu, na betri hufa. Ijaribu kila siku ya kupokea mazao kabla ya kitu kingine chochote.

Njia rahisi tuliyoipata ni unga wa dukani. Beli moja ya unga wa sima ina pakiti 12 za kilo mbili mbili, yaani kilo 24 za unga, ukiongeza gramu kadhaa za karatasi. Ining'inize. Ikisoma 24.1 au 24.2, endelea. Ikisoma 23 au 26, usiendelee, kwa sababu kila namba utakayoipata baada ya hapo itarithi kosa hilo. Kisha ongeza beli ya pili uone kama inafika 48 na ushee. Kuna mizani inayosema kweli kwenye mzigo mdogo na kudanganya kwenye mkubwa, na gunia ni mzigo mkubwa.

Kupata namba ya ndoo

Chagua ndoo moja iwe ndoo ya kikundi. Yetu tuliipaka alama ya rangi ya kijani, na ndiyo inayotumika siku ya kupokea, hata kama mtu amekuja na yake. Hii peke yake imeondoa nusu ya ugomvi, maana ndoo zinazoitwa za lita 20 hazilingani. Nyingine alama ya 20 iko vidole viwili chini ya ukingo, na watu hujaza mpaka ukingoni.

Pima ndoo tupu kwanza na uandike. Yetu ni kilo 0.9. Jaza mahindi, pitisha ubao ulionyooka juu ya ukingo ili kilichozidi kianguke, kisha pima na utoe ile 0.9. Huo ndio ujazo wa mfuto, kama ilivyokuwa pishi ya mfuto. Rudia mara tano, kila mara ukimwaga na kujaza upya, tena kwa mikono ya watu tofauti. Sisi tulipata, baada ya kutoa uzito wa ndoo:

14.8, 15.1, 14.9, 15.0, 15.2

Jumla 75.0, gawanya kwa tano, ni 15.0. Tazama pia umbali kati ya ndogo na kubwa: kilo 0.4 tu. Namba hii unaweza kuisimamia mbele ya watu.

Baadaye tukajaribu ndoo ya kilima, ile ambayo mama anaijaza mpaka punje zinaporomoka pembeni. Tukapata 16.6, 17.9, 17.2, 16.8 na 17.5. Wastani ni 17.2, lakini kati ya ndogo na kubwa kuna kilo 1.3. Kwa ndoo kumi, hiyo yaweza kuwa kilo 13 zinazotegemea tu nani alijaza. Tulikubaliana ndoo ya kilima isiingie daftarini. Mtu akileta, inafutwa pale pale, na kilichoanguka kinaanza ndoo nyingine. Walilalamika wiki mbili, halafu wakazoea.

Jambo moja dogo: usiitikise wala kuigonga ndoo chini. Mahindi yakitikiswa hushikamana na nafasi hupatikana juu. Ndoo yetu ya mfuto iliyogongwa mara tatu ilitoka 15.6. Kama kikundi chenu kina desturi ya kugonga, basi gongeni daima, na mpate namba yenu kwa kugonga. Kinachoharibu ni leo kugonga na kesho kutogonga.

Gunia ni mtego mkubwa zaidi

Gunia la mahindi hapa Kenya huhesabiwa kilo 90, na kwa sababu namba hiyo inajulikana na kila mtu, hakuna anayejisumbua kupima. Lakini 90 ni ahadi. Si uzito mpaka mizani iseme. Tulipima magunia matano ya kawaida, yaliyoshonwa mdomo vizuri: 86.5, 91.0, 88.5, 93.0, 87.0. Jumla 446.0, wastani 89.2. Tukatoa kilo 0.2 za gunia lenyewe la nailoni, ikabaki 89.0. Gunia la mkonge ni zito zaidi, lazima lipimwe tupu kivyake, na likiwa limelala nje kwenye umande lipime tena.

Halafu kuna gunia la kilemba, lile lililojazwa mpaka juu, likafungwa kamba za kushikilia kichwa kinachochungulia nje. Matatu tuliyopima yalikuwa 104.5, 107.5 na 111.0. Unaweza kutafuta wastani, lakini mimi nasema usitafute. Tofauti ya kilo 6.5 kati ya gunia na gunia ni kubwa mno. Kilemba kipimwe kimoja kimoja, kiingie daftarini kama kilo. Huna haja ya namba ya kuzidishia pale ambapo mizani iko mbele yako.

Aina ya tatu ndiyo iliyonimaliza mimi: gunia la mahindi yasiyopukuchwa, bado yako kwenye bunzi. Kwa macho ni gunia, limejaa, limefungwa. Ndani nafasi nyingi ni hewa na mabunzi. Tulichukua magunia matatu, tukayapukuchua, tukapima punje zilizotoka, na wastani ukawa kilo 41 kwa gunia. Chini ya nusu ya 90. Ukipokea mahindi ya namna hiyo, ama yapukuchuliwe kabla ya kuandikwa, ama yaandikwe kwa jina lake tofauti, "gunia bunzi". Usiandike kamwe neno "gunia" peke yake. Neno hilo kwetu sasa ni marufuku daftarini. Ni lazima lifuatwe na la kawaida, la kilemba au la bunzi.

Andika alicholeta, kisha geuza

Watu wengi wakishapata namba zao huanza kuandika kilo moja kwa moja na kusahau ndoo. Usifanye hivyo. Mkulima anakumbuka kwamba alileta ndoo 13. Ukimsomea "kilo 195" miezi miwili baadaye, hatakuwa na la kulinganisha, na wewe hutakuwa na ushahidi. Daftari letu lina safu hizi: tarehe, mwenye mazao, zao, kipimo, idadi, namba ya kuzidishia, kilo. Safu ya idadi na kipimo hujazwa yeye akiwa amesimama hapo. Safu ya kilo yaweza kungoja jioni.

Mtu akileta vipimo viwili, mpe mistari miwili. "Gunia 3 na ndoo 5" kwenye mstari mmoja ndipo hesabu zinapopotea, kwa sababu jicho la jioni lililochoka huchukua 3 likaacha 5, au likasoma 35.

Basi turudi kwenye ukurasa ule ulioniaibisha, tuufanye upya. Gunia 12, ndoo 18 na kilo 148 zilikuwa zimetoka kwa watu sita:

| Aliyeleta | Kipimo | Idadi | Zidisha kwa | Kilo |
|---|---|---|---|---|
| Wa kwanza | gunia la kawaida | 4 | 89.0 | 356.0 |
| Wa pili | gunia la kilemba (yamepimwa: 106.5 na 109.0) | 2 | – | 215.5 |
| Wa tatu | ndoo ya mfuto | 13 | 15.0 | 195.0 |
| Wa nne | kilo | 148 | 1 | 148.0 |
| Wa tano | gunia la kawaida | 3 | 89.0 | 267.0 |
| Wa tano | ndoo ya mfuto | 5 | 15.0 | 75.0 |
| Wa sita | gunia la bunzi | 3 | 41.0 | 123.0 |
| | | | Jumla | 1,379.5 |

Nilikuwa nimesema 1,588. Tofauti ni kilo 208.5, lakini tazama zilikotoka. Ndoo 18 nilizozihesabu kwa 20 zilinipa kilo 90 za hewa. Magunia matatu ya bunzi yakanipa 147. Magunia saba ya kawaida, kilo moja moja, yakaongeza 7. Na kule kwa mwenye vilemba nikakosea kwa upande wa pili: alileta 215.5, mimi nikamwandikia 180. Nilimdhulumu kilo 35.5.

Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Makosa yanayokwenda pande mbili hufichana. Kama vilemba vingekuwa vingi zaidi siku ile, jumla yangu ingekaribiana na mizani ya lori, kila mtu angefurahi, na pesa za mtu mmoja zingekuwa zimegawiwa wenzake. Kwa hiyo jumla kulingana si ushahidi kwamba mistari iko sawa. Kama pesa zinagawiwa kwa mstari, basi kagua mstari.

Kuhusu desimali: weka nukta na tarakimu moja kwenye kila mstari, na ukitaka namba nzima, fanya hivyo kwenye jumla tu. Ukikata nukta kila mstari, kwenye ukurasa wa watu arobaini utapoteza au kuongeza kilo kadhaa ambazo hakuna atakayeweza kuzieleza.

Ukitumia simu au kompyuta

Kijana wetu alinihamishia daftari kwenye jedwali la simu. Ukurasa mmoja umepewa jina Kipimo: safu ya A ina zao na kipimo vimeunganishwa, mathalani `mahindi-ndoo mfuto`, na safu ya B ina namba, 15. Andika pia `mahindi-kilo` na namba 1, ili mstari wa kilo upite njia ile ile. Kwenye ukurasa wa mapokezi, zao liko safu ya C, kipimo safu ya D, idadi safu ya E, na kilo hupatikana hivi:

```
=E2*VLOOKUP(C2&"-"&D2,Kipimo!A:B,2,FALSE)
```

Lile neno `FALSE` mwishoni usiliache. Linaiambia simu itafute jina linalofanana kabisa. Bila hilo yaweza kukuchukulia namba ya jirani kimya kimya, ukazidisha mahindi kwa namba ya simsim. Likiwepo, kipimo kisichojulikana kitatoa `#N/A`, na jumla nayo itatoa `#N/A`. Watu huudhika na alama hiyo, wakatafuta namna ya kuigeuza iwe sifuri. Iache. Inakwambia kuna mtu alileta "debe" na hujawahi kupima debe, au umeacha nafasi mwishoni mwa neno "ndoo mfuto ". Sifuri ingekunyamazia, na mzigo wa mtu ungetoweka.

Mahindi yenye maji

Kuna jambo moja ambalo mizani haioni. Mavuno ya masika yakiingia mwezi wa nane na upepo wa bahari bado una unyevu, mahindi ya watu wawili yaweza kuwa na kilo sawa lakini chakula si sawa, kwa sababu ya mmoja ni maji. Kiwango cha juu kinachokubalika kwenye mahindi makavu ya biashara ni unyevu wa asilimia 13.5. Kama mna kipimo cha unyevu, geuza kila kilo iwe ya kiwango hicho: toa unyevu uliosomwa kutoka 100, gawanya kwa 86.5, zidisha kwa kilo. Kilo 420 zenye unyevu wa asilimia 18 zinakuwa 420 × 82 ÷ 86.5, yaani 398.2. Karibu kilo 22 zitaruka hewani zikiwa ghalani, na lori likija mtatafuta mwizi asiyekuwepo.

Msipokuwa na kipimo hicho, tumieni chupa kavu na chumvi kavu. Tia punje kiasi cha theluthi ya chupa, vijiko kadhaa vya chumvi, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yamepita takriban asilimia 15. Njia hii haikupi namba ya kuzidishia, kwa hiyo usijaribu kubuni. Sisi mzigo wa namna hiyo tunauandika kwa jina "mbichi", hauingii kwenye jumla, na mwenyewe anaanika na kurudi kupima. Na kumbuka namba zako za ndoo na gunia ulizipata kwa mahindi makavu. Kwa mabichi hazifanyi kazi.

Kujua kama namba zimechakaa

Kila siku ya kupokea nachagua mistari michache bila mpango, kama mmoja katika kumi, na kuipima kwa mizani hata kama ni ndoo au gunia la kawaida. Nalinganisha na kilo za daftari. Zikitofautiana huku juu, kule chini, kidogo kidogo, ni hali ya kawaida ya vyombo. Zikianza zote kuelemea upande mmoja, kuna kitu kimebadilika: ndoo imepasuka ukingo ikabadilishwa, watu wameanza kushona magunia juu zaidi, au mbegu ya msimu huu ina punje ndogo zinazopangana vizuri. Hapo napima upya mara tano na kuweka namba mpya, lakini siifuti ya zamani. Kwenye jedwali naiongeza kwa jina lingine, `mahindi-ndoo mfuto 2`, kwa maana ukibadilisha ile namba ya kwanza, mapokezi yote ya msimu uliopita yatajigeuza yenyewe na hayatalingana tena na pesa mlizokwisha kulipana.

Msimu uliofuata daftari lilisema 2,214.0 na mizani ya lori ikasema 2,187. Kilo 27, asilimia moja na kidogo. Mnunuzi aliuliza nyingine ziko wapi. Mwenzetu mmoja akaonyesha sakafu ya ghala, ambako kuku wa jirani walikuwa bado wanadonoa.